Kitambaa Cheupe Ndicho Chenye Kauli: Kupima Uchujaji wa Rangi Kabla ya Kufua Nguo Mpya

Gauni lilikuwa jipya, la pamba, la rangi ya damu ya mzee, lenye kola nyeupe na mapindo meupe kwenye ncha za mikono. Lebo iliyoshonewa ndani ya ubavu ilisema lifuliwe peke yake. Dada yangu, mwenye gauni, aliisoma lebo hiyo kwa sauti kisha akaniuliza, “Sasa litafuliwaje peke yake wakati hiyo kola imeshonewa humo humo?”

Swali lake lilikuwa la haki. Kufua nguo peke yake kunaziokoa nguo nyingine, lakini hakuiokoi sehemu nyeupe ya nguo hiyo hiyo, ambayo itakaa ndani ya beseni moja na sehemu nyekundu, italowa nayo na itakaukia pamoja nayo. Kwa nguo ya namna hii mtu anahitaji kujua zaidi ya kama rangi inatoka au haitoki. Anahitaji kujua inatoka katika hali gani, inatoka kwa muda gani, na ikishatoka inashika wapi. Mambo hayo yote yanaweza kupimwa nyumbani kwa vipande vya kitambaa cheupe, bakuli, sabuni na subira ya siku moja.

Nililichukua gauni lile kwa uangalifu mkubwa kwa sababu miaka kadhaa nyuma niliwahi kuharibu la kwangu lililofanana nalo, na niliharibu baada ya kupima. Nilitumbukiza ncha ya upindo wa chini kwenye maji baridi kwa dakika kumi, maji yakabaki meupe, nikaridhika. Kisha nikalifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, na katikati ya kazi nikaliacha limelala mbichi ndani ya beseni nikaenda kushughulikia jambo jingine. Niliporudi kola ilikuwa ya waridi, na waridi lile halikutoka tena. Kwa muda mrefu niliamini kwamba vipimo vya nyumbani havina maana. Baadaye nilielewa kwamba kipimo kilijibu sawasawa kile nilichokiuliza, ila nilikuwa nimeuliza swali lisilohusiana na kile nilichokwenda kukifanya.

Ili kuuliza swali linalofaa, inasaidia kujua rangi imekaaje ndani ya pamba. Nguo nyingi za pamba za rangi kali hutiwa rangi ambazo hufanya muungano wa kikemia na nyuzinyuzi zenyewe, na rangi iliyoungana hivyo haitoki kwa kufua kwa kawaida. Hata hivyo, kila mara rangi inapotiwa, sehemu yake hukutana na maji kabla ya kukutana na pamba, hupoteza uwezo wake wa kuungana, na hubaki imejibanza tu ndani ya nyuzinyuzi. Hiyo ni rangi ya ziada. Kiwanda kinapaswa kuiondoa kwa kusuuza kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, na pale kazi hiyo inapofupishwa, rangi ya ziada husafiri na nguo hadi nyumbani. Kadiri rangi ilivyokolea, kama nyeusi, buluu ya usiku na damu ya mzee, ndivyo inavyohitajika rangi nyingi zaidi kwenye kutia, na ndivyo mabaki yanavyokuwa mengi.

Zipo pia rangi za pamba ambazo haziungani kabisa kikemia, bali hushikiliwa na mvuto hafifu kati ya rangi na uzi. Hizi hutoka kidogo kidogo kila nguo inapofuliwa, na hazifiki mahali zikasema zimemaliza. Kwa macho, nguo mbili zilizotiwa rangi kwa njia hizi mbili tofauti zinaweza kufanana kabisa dukani, na tofauti yao hujulikana kwa kuloweka mara kadhaa mfululizo, jambo nitakalolirudia hapa chini.

Nilianza na kusugua. Katika maabara kipimo hiki hufanywa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 105-X12, kwa kifaa chenye kidole cha chuma kilichofungwa kitambaa cheupe cha pamba. Kidole hicho kina upana wa milimita 16, hugandamiza kwa nguvu ya nyutoni 9, na hupita mbele na nyuma mara 10 juu ya njia ya sentimita 10. Nyutoni 9 ni karibu na uzito wa gramu 900. Nyumbani kidole cha shahada kinatosha, ila watu wengi husugua ama kwa woga ama kwa hasira, na matokeo yao hayalinganishiki. Njia niliyoizoea ni kuweka kidole juu ya mizani ya jikoni na kukigandamiza hadi isome takriban gramu 900, mara tano au sita, mpaka mkono uizoee nguvu hiyo. Baada ya hapo unaweza kusugua nguo ya leo na ya mwezi ujao kwa namna moja.

Kitambaa cha kusugulia kiwe cha pamba, cheupe, kisicho na maua, na kiwe kimefuliwa na kusuuzwa vizuri, kwa sababu kitambaa kipya huwa na wanga au dawa ya kulainisha inayozuia rangi isishike. Nilikata vipande vinne kutoka kwenye foronya ya zamani. Kipande kimoja sikukigusa kabisa, nikakihifadhi kando ili kiwe cha kulinganishia, kwa maana jicho la mtu halikumbuki weupe. Ukikitazama kitambaa chenye waridi hafifu peke yake utakiona cheupe, na ukikiweka kando ya ndugu yake ambaye hakuguswa, tofauti inajitokeza mara moja.

Kusugua kukavu ndiko hutangulia. Niligeuza upindo wa chini, nikalaza upande wake wa ndani juu ya meza, nikasugua mara kumi nikifuata mstari wa uzi. Kitambaa kilibaki cheupe. Kama kingechafuka kikiwa kikavu, ningejua kwamba rangi imekaa juu juu ya uzi, kama ilivyo kwa nguo za jinzi zilizotiwa nili au kwa michapo inayogandishwa juu ya kitambaa kwa gundi. Nguo ya namna hiyo inaweza kupaka kiti, mkoba na nguo za ndani hata kama haichuji sana kwenye maji, na kuloweka pekee kusingeweza kulionyesha tatizo hilo. Ndiyo maana siuruki mkusuguo mkavu, ingawa kwa pamba iliyotiwa rangi hadi ndani mara nyingi hauleti kitu.

Kisha kusugua kwa kitambaa kibichi. Hapa kosa la kawaida ni wingi wa maji. Kitambaa kinachodondosha maji huigeuza nguo iwe imeloa, rangi hutawanyika pembeni, na wakati huo huo alama inayopaswa kuonekana kwenye kitambaa inachanganywa na maji mengi. Maabara hulenga kitambaa kibebe maji yenye uzito unaokaribia uzito wake kikiwa kikavu. Nyumbani nakilowesha, nakikamua, halafu nakibana ndani ya taulo mpaka kikiguswa kionekane kibichi lakini kisiache tone mezani. Nilisugua sehemu mpya ya upindo, pembeni ya ile ya kwanza, mara kumi kwa nguvu ile ile. Safari hii kitambaa kiliondoka na duara la waridi, dogo, la upana wa ncha ya kidole.

Nilikiacha kikauke kabla ya kukihukumu, kwa kuwa kitambaa kibichi huonyesha rangi nzito kuliko ilivyo. Chini ya taa ya njano sikuliona duara lile kabisa. Asubuhi, karibu na dirisha na juu ya karatasi nyeupe, lilionekana wazi, hafifu lakini halina ubishi. Tangu nilipoanza kazi hii sitoi uamuzi wa rangi usiku.

Duara lile liliniambia kwamba kuna rangi huru ambayo maji yanaweza kuibeba. Halikuniambia ni nyingi kiasi gani, wala kama ina mwisho. Kusugua kunagusa sehemu ndogo ya juu kwa sekunde chache tu, ilhali kufua kunapenya nguo nzima kwa muda mrefu zaidi, kukiwa na joto na sabuni. Ndipo ikanibidi niloweke.

Kabla ya kuloweka nilidondosha tone moja la maji juu ya upande wa ndani wa upindo. Tone lilikaa juu ya kitambaa limejikusanya kama shanga kwa zaidi ya dakika moja kabla ya kuzama. Kwangu hilo lilikuwa jibu la fumbo la miaka mingi. Nguo mpya nyingi huja zikiwa na dawa za kulainisha au kukaza kitambaa, na baadhi ya dawa hizo hukataa maji kwa muda. Ukitumbukiza nguo ya namna hiyo kwenye maji baridi matupu kwa dakika kumi, inawezekana kabisa kwamba nyuzinyuzi za ndani hazijalowa, na maji yanabaki meupe kwa sababu hayajafika mahali rangi ilipo. Sabuni huvunja ukinzani huo. Kwa hiyo kipimo cha maji baridi matupu kinaweza kukuhakikishia usalama ambao ufuaji wa kwanza wenye sabuni utaufuta.

Nilichukua bakuli la kioo, nikatia nusu lita ya maji yenye joto la nyuzijoto 40. Asiye na kipimajoto anaweza kuamini mkono wake: maji hayo ni ya moto kidogo kuliko mwili, mkono unayahisi kuwa ya uvuguvugu mzito lakini unaweza kukaa ndani bila kuumia. Nikatia gramu 2 za sabuni ile ile ya unga anayoitumia dada yangu, ambazo ni takriban nusu kijiko cha chai, na nikaikoroga hadi ikayeyuka yote. Kiasi hicho, yaani gramu 4 kwa lita, ndicho kinachotumika pia katika vipimo vya kawaida vya kufua kwenye maabara. Ni muhimu sabuni iwe ile itakayotumika kweli, kwa sababu sabuni nyingi za unga zina magadi, na magadi hubadilisha namna rangi zinavyotoka.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika kazi hii, ni kitambaa shahidi. Maji yenye rangi hayathibitishi kwamba kola itachafuka, na maji yanayoonekana safi hayathibitishi kwamba itasalimika. Kuna rangi ambayo ikishatoka hupenda kubaki ndani ya maji na kuondoka nayo, na kuna rangi ambayo hata ikiwa kidogo sana hukimbilia pamba nyeupe iliyo karibu na kushika humo. Kinachoweza kulisema hilo ni kitambaa cheupe kilichokuwepo wakati wa tukio. Nilichukua kipande kimoja cha pamba, upana wa vidole vitatu, nikakipigia bandi upande wa ndani wa upindo kwa uzi mweupe, mishono mitano mikubwa iliyolegea, ili kiguse nguo wakati wote na bado maji yapite katikati. Kipande kingine nilikitia kwenye bilauri tofauti yenye maji na sabuni ile ile, bila nguo. Hiki cha pili kipo kwa sababu sabuni nyingi zina dawa ya kung’arisha inayobadilisha sura ya weupe, na ukilinganisha kitambaa kilichopita kwenye sabuni na ambacho hakikupita, unaweza kuona tofauti isiyotoka kwenye gauni.

Shahidi lazima awe wa aina moja na kile unachotaka kukilinda. Kola ya gauni lile ilikuwa ya pamba, kwa hiyo shahidi wangu alikuwa wa pamba. Kama ningetumia kitambaa cha poliesta, kingeweza kutoka kwenye bakuli kikiwa cheupe kabisa, kwa sababu katika joto hilo poliesta haina hamu na rangi za pamba, na ningemwambia dada yangu asiwe na wasiwasi. Nailoni, kinyume chake, hushika rangi za aina nyingi kwa urahisi, na lesi ya nailoni kwenye nguo yenye rangi ni jambo la kulitazama kwa makini. Maabara hulimaliza tatizo hili kwa utepe mmoja uliofumwa kwa mistari ya asetati, pamba, nailoni, poliesta, akriliki na sufu, ili kila aina itoe ushahidi wake kwa pamoja. Nyumbani inatosha kusoma lebo na kutafuta kitambaa cheupe kinacholingana.

Nilitumbukiza sehemu ya upindo yenye ukubwa wa kiganja, nikaacha sehemu iliyobaki ya gauni juu ya kiti kilichotandikwa taulo, kola ikiwa mbali upande wa pili. Kuna jambo hapa ambalo mtu hulijifunza kwa hasara: maji hupanda. Hata ukitumbukiza sentimita chache, maji hutambaa juu kupitia nyuzinyuzi, yakibeba rangi mbele yake, na pale yanapokoma na kukauka huacha mstari mweusi zaidi unaofanana na alama ya maji ya bahari ukutani. Kwa pamba mstari huo kwa kawaida huondoka nguo ikifuliwa yote, lakini kwenye hariri unaweza kubaki, na ndiyo sababu hariri naipima kwa tone tu kwenye ukingo wa kitambaa uliobaki ndani ya mshono, wala siiloweki kwa kuitumbukiza.

Nililiacha nusu saa, nikibonyeza sehemu ile kwa kijiko kila baada ya dakika chache ili maji yaendelee kupita. Maji yalikuwa mekundu hafifu, kama yale yaliyosuuza brashi ya mchoraji mara moja. Nilifumua bandi, nikasuuza shahidi kwa maji safi na kumwanika. Alipokauka alikuwa wa waridi dhahiri, na hakuhitaji dirisha wala karatasi nyeupe ili aonekane.

Mtu anaweza kuishia hapo na kusema kwamba nguo inachuja. Mimi nilikuwa sijapata ninachokitafuta, kwa sababu bado sikujua kama ni rangi ya ziada inayokwisha au rangi dhaifu isiyokwisha. Nilirudia kuloweka sehemu ile ile, kwa maji mapya, sabuni mpya na shahidi mpya, nusu saa nyingine. Maji ya pili yalikuwa mepesi sana kuliko ya kwanza, na shahidi wa pili alikuwa na waridi la kutafutwa. Mara ya tatu maji yalikaribia kuwa meupe, na shahidi wa tatu alitofautiana na yule wa kulinganishia kwa kiasi ambacho dada yangu alikiona na mimi nikakikataa, hadi tulipowageuza upande na nikakubali.

Mteremko huo ndio uliokuwa na habari. Kama mashahidi watatu wangetoka na waridi lile lile, ningejua kwamba rangi haikushikwa vizuri, na kwamba gauni lile litaendelea kuchuja kila likifuliwa mpaka lipauke, na ningemshauri dada yangu alirudishe likiwa na lebo zake. Kwa kuwa zilishuka haraka, ilikuwa rangi ya ziada iliyobaki bila kuondolewa kiwandani. Lakini nilijizuia kufurahi, kwa sababu ni sehemu ile ndogo ya upindo pekee iliyokuwa imekwisha pitia hatua tatu. Gauni lililobaki, pamoja na yadi zote za kitambaa zilizo jirani na kola, lilikuwa bado katika hatua ya kwanza, na kosa rahisi kufanya ni kuchukua matokeo ya mwisho ya ncha iliyolowekwa na kuyapa gauni zima.

Kipimo cha mwisho ndicho ambacho watu wengi hawakifanyi, na ndicho kingeliokoa gauni langu la zamani. Nililowesha sehemu nyingine ya upindo kwa maji safi, nikaikamua mpaka ikabaki mbichi tu, nikaweka shahidi mpya mbichi juu yake, nikavifunika kwa plastiki juu na chini ili visikauke, nikaweka chupa mbili kubwa za maji juu yake zigandamize. Maabara wana kipimo kama hicho, ambapo kitambaa kibichi na shahidi wake hugandamizwa pamoja kwa saa 4 katika nyuzijoto 37. Sikuwa na joto hilo, lakini saa nne nilikuwa nazo.

Shahidi huyu alitoka akiwa mwekundu kuliko wote, na alama yake ilifuata umbo la upindo kwa ukamilifu hata mstari wa mshono ukasomeka juu yake. Hakukuwa na sabuni wala maji ya moto. Kilichotenda kazi ni mgusano, unyevu kidogo na muda. Ndani ya beseni lenye maji mengi rangi iliyotoka hutawanyika na kuwa nyepesi, na sehemu yake kubwa humwagwa na maji. Katika nguo mbichi iliyokunjwa hakuna pa kutawanyikia, kwa hiyo rangi inayotoka upande mmoja ina mahali pamoja tu pa kwenda, nako ni kitambaa kilicholala juu yake. Kola yangu ya zamani haikuharibiwa na ufuaji wenyewe kwa kiasi kikubwa kama ilivyoharibiwa na ule muda nilioiacha imelala.

Baada ya hapo uamuzi ulijipanga wenyewe. Gauni lingekuwa la rangi moja, ningelifua peke yake kwa maji ya moto kadiri lebo inavyoruhusu, mara mbili au tatu mfululizo, ili rangi ya ziada iondoke upesi, kwa sababu joto huiharakisha. Kwa gauni lenye kola nyeupe nilichagua kinyume chake: maji baridi mengi, sabuni kidogo, mwendo wa haraka usio na kituo. Rangi ya ziada itachukua safari nyingi zaidi kuisha, na kila safari itatoa kidogo, na hicho ndicho nilichokitaka.

Dada yangu alipendekeza chumvi na siki, kama wengi wanavyopendekeza. Siki ina kazi kwenye sufu na hariri zilizotiwa rangi zinazoshika katika hali ya uchachu, lakini haiwezi kuunganisha rangi ya pamba iliyokwisha kupoteza uwezo wa kuungana. Chumvi inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu huonekana kama inafanya kazi. Watia rangi huitumia ndani ya maji ya rangi ili kuisukuma rangi itoke majini iingie kwenye pamba. Ukiitia kwenye maji ya kulowekea, maji yataonekana meupe zaidi kwa sababu rangi imezuiwa kutoka, na itatoka ufuaji unaofuata ambao hauna chumvi. Isitoshe chumvi haibagui pamba: inachokisukumiza kwenye sehemu nyekundu inaweza kukisukumiza kwenye kola pia. Kwa nguo ya rangi mbili siitii. Karatasi za kunasa rangi zinazowekwa kwenye mashine ya kufulia zinaweza kupunguza rangi iliyomo majini, lakini haziwezi kuingia kati ya kola na bega lililoigusa.

Tulifua asubuhi, yeye akishika gauni na mimi nikibadilisha maji. Lilikaa ndani ya maji yenye sabuni kwa dakika tano hivi, likichezeshwa wakati wote, kisha likasuuzwa mara sita katika beseni lililojaa mpaka maji yakabaki meupe. Hatukulikamua kwa kulisokota, kwa kuwa kusokota hubana nyekundu juu ya nyeupe. Tulilitandaza juu ya taulo jeupe, tukaweka taulo dogo ndani ya shingo na ndani ya kila pindo la mkono, tukaviringisha vyote pamoja, tukabonyeza kwa mikono, tukafungua mara moja.

Kuanika kulituchukua muda wa kufikiri. Nguo ikitundikwa kwa mabega kola inabaki juu na maji huiondokea, lakini mikono huning’inia na maji ya mikono yote hushukia kwenye mapindo meupe. Ikitundikwa kwa upindo wa chini, kola ndiyo inayopokea maji ya gauni zima. Mwishowe tulitandaza mikono kando ya kamba na kubana vibanio kwenye mapindo na kwenye mabega, gauni likakaa kama mtu aliyenyoosha mikono yake, sehemu zote nyeupe zikiwa juu na nyekundu yote ikiwa chini yake.

Lilipokauka tuliipeleka kola dirishani pamoja na kile kipande cha foronya ambacho hakikuguswa. Zililingana. Pindo la mkono wa kulia lilikuwa salama, na la mkono wa kushoto, ambako taulo dogo lilikuwa limeteleza wakati wa kuviringisha, lilikuwa na mstari mwembamba wa waridi kando ya mshono, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hatukulipiga pasi. Nililowesha mstari ule kwa maji ya sabuni, nikaubonyeza kwa kitambaa cheupe, nikageuza kitambaa, nikabonyeza tena, na baada ya mara nane au tisa ulibaki kivuli ambacho ufuaji wa pili ulikiondoa.

Baada ya ufuaji wa nne nilisugua tena kwa kitambaa kibichi, safari hii mgongoni upande wa ndani, karibu na kola, mahali ambapo hatukuwahi kupaloweka kwa majaribio. Kitambaa kilikauka kikiwa cheupe. Nikarudia kipimo cha saa nne chini ya chupa mahali hapo hapo, na shahidi akatoka na waridi hafifu bado. Kwa hiyo dada yangu sasa analifua gauni lake pamoja na nguo nyingine za rangi nzito, lakini haliachi likalala mbichi, na mapindo bado anayabana juu ya kamba.